Wazee wanaposema boma litakaswe: kinachofanyika katika mila ya Wakikuyu

*Swali: Mwalimu, nyumba ya wazazi wangu kule Nyeri iliungua usiku, na baba akaungua mikono alipokuwa akiwatoa ng'ombe. Wiki chache baadaye mdogo wangu akapata ajali ya pikipiki, na bado yuko hospitalini. Wazee wa ukoo wanasema boma lina thahu, ni lazima litakaswe kisha libarikiwe. Wameagiza kondoo dume wa rangi moja, asali na maziwa. Mimi nilikulia Mombasa kwa shangazi, mila hizi sizijui, na ni Mkristo. Ni nini hasa kitafanyika, na nitajuaje kama kinafanyika sawasawa?*

Dada yangu, pole kwa moto na pole kwa mdogo wako.

Wazee wako wametaja mambo mawili, kutakasa na kubariki, na wameyataja kwa mpangilio wake. Hapo tayari ni dalili njema. Katika mila ya Wakikuyu baraka haiwekwi juu ya uchafu. Kwanza kinatolewa kilichoingia, ndipo wazee wanainua mikono na kuomba. Ukiona mtu anakimbilia maombi na karamu bila kuuliza lolote, ujue sehemu ya kwanza imerukwa, na wazee wanaoijua kazi watakwambia hapo hakuna kilichofanyika.

Thahu ni hali ya unajisi inayomwangukia mtu au boma zima. Si lazima pawe na kosa. Zamani mtu angeweza kuipata kwa kugusa maiti, kwa kuvunjikiwa na mti wa kitanda alichokuwa amelalia, au kwa chungu kupasuka jikoni kikiwa motoni. Mambo ya namna hii yaliandikwa kwa makumi na afisa wa kikoloni aitwaye Hobley mwaka 1910, na anayeisoma orodha ile anaona kwamba mengi ni mikasa tu, wala si maovu. Kwa hiyo wazee wakisema boma lenu lina thahu, hawasemi kwamba baba yako ametenda dhambi, wala kwamba kuna mtu aliyewaroga. Wanasema jambo zito limepita hapo nyumbani, limeacha kitu nyuma, na kitu hicho kisipotolewa kitaendelea kuwadhoofisha watu na mifugo. Chanzo cha moto chenyewe, iwe ni nyaya za umeme au taa iliyoanguka, kinatafutwa kwa njia yake. Ibada haishughuliki nacho, na fundi wa umeme bado mtamhitaji.

Kazi huanza siku nyingi kabla ya kondoo kufika. Wazee hukaa na familia, kwa kawaida mbele ya pombe kidogo, na huuliza maswali. Je, kuna mgonjwa mwingine? Kuna deni la mahari lililosahaulika? Kuna watu wasiosemezana humu ndani? Kuna mzazi au babu aliyekufa akiwa ameacha neno la laana? Hilo la mwisho wanaliita kirumi, na wanaliogopa kuliko moto, kwa sababu aliyelitamka ndiye mwenye uwezo wa kulifungua. Akiwa amekufa, kazi inakuwa ndefu na ya namna nyingine kabisa. Ndiyo maana wazee hung'ang'ania kikao hiki hata pale vijana wanapoona kinapoteza muda.

Nilikuwapo kwenye boma moja huko Murang'a ambako ghala la mahindi liliungua, na baada ya muda mfupi mtoto akaanguka kutoka juu ya mwembe akavunjika paja. Familia ilitaka mambo yaishe Jumamosi ileile. Katika kikao, mzee aliyekuwa akiongoza aliuliza kwa upole nani amegusa mpaka wa shamba. Kimya. Mwishowe kaka wa pili akasema kwamba aling'oa itoka za upande wa chini, kama hatua ishirini hivi, ili apande nyasi za ng'ombe. Itoka ni maua ya jamii ya yungi ambayo Wakikuyu huyapanda kuonyesha mpaka. Yanapopandwa mbele ya wazee mpaka unakuwa umewekwa kwa kiapo, na kuyang'oa kwa siri ni jambo kubwa. Kaka mkubwa alikuwa anajua siku zote na alikuwa amenyamaza kwa hasira. Wale ndugu wawili hawakuwa wakila pamoja.

Wazee hawakumkemea. Walisema tu kwamba hawawezi kuomba juu ya boma lenye mpaka ulio wazi, wakasimama, wakaenda zao. Ibada ikaahirishwa majuma mawili. Itoka zikarudishwa, kila ndugu akichimba mashimo upande wake, na ndipo kondoo akaletwa. Siku hiyo sehemu ya kile kilichotoka tumboni mwa kondoo ilipelekwa pia mpakani na kufukiwa kwenye mizizi. Nimekueleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu watu wengi wanadhani nguvu ya ibada iko kwenye mnyama. Pale Murang'a kondoo alimaliza jambo ambalo ndugu wawili walikuwa wameshalianza kwa jembe.

Sasa siku yenyewe. Kondoo awe wa rangi moja, asiye na kilema, asiye mgonjwa. Akikohoa au akiwa na jicho bovu wazee watamkataa, na wakimkataa msikasirike. Anatakiwa kondoo, si mbuzi, kwa kuwa kwa jamii hii kondoo ndiye mnyama wa amani na wa mambo ya Mungu. Mbuzi ana kazi zake nyingi, za mahari na za kuingia katika baraza la wazee, ila kwa utakaso mzito kondoo ndiye anayetangulia. Wanandoa wa boma hilo huombwa wasikutane kimwili usiku wa kuamkia siku hiyo, na ukiambiwa hivyo usione haya, ni sharti la kawaida.

Anayeongoza ni nani? Zamani thahu ndogo ilitolewa na wazee wenyewe, na ile nzito ikahitaji mundu mugo, yaani mganga wa jadi, ambaye huja na kibuyu chake cha mbegu za kupigia ramli na unga mweupe wa chokaa uitwao ira. Leo familia nyingi hubaki na wazee tu. Lakini si kila mwenye mvi anaweza kuongoza. Baraza la Wakikuyu lina ngazi, na ngazi ya juu, ile ya wazee wabebao majani ya maturanguru, ndiyo yenye kazi ya sadaka. Mtu hufika hapo watoto wake wote wakiwa wamekwisha tahiriwa na mke wake ameacha kuzaa. Jamii inaamini kwamba mtu wa umri huo ameshatoka katika ushindani wa mali na wa tamaa, kwa hiyo anaweza kusema mbele ya Mungu kwa niaba ya wengine bila kujitafutia chake. Uliza kwa heshima nani ataongoza na yuko ngazi gani. Wazee wa kweli hawaudhiki na swali hilo. Wanalipenda.

Kondoo zamani alizibwa pumzi ili damu isimwagike ovyo. Siku hizi wengi humchinja. Akishapasuliwa, kinachotafutwa kwanza si nyama. Ni taatha, yale majani aliyoyala ambayo bado hayajasagika vizuri tumboni, ya kijani na yenye maji maji. Mgeni akiyaona anashangaa, hata kukunja pua. Kwa wazee, taatha ni malisho mabichi yaliyopita ndani ya mnyama safi, na hakuna kitu kinachotakasa kuliko hicho.

Huchimbwa shimo dogo ardhini, si refu kuliko kiganja, likatandikwa jani la mgomba ili maji yasipotee. Humo hutiwa maji, taatha, na ira kama mganga yupo. Anayetakaswa anakaa au kuchuchumaa mbele ya shimo. Mwongozaji anashika kichala cha vijiti vyenye majani, anakichovya, anakipeleka midomoni mwa mtu. Anamwambia, "Tahika," yaani tapika, na anataja jambo lenyewe: tapika thahu ya moto, tapika thahu ya damu iliyomwagika barabarani. Mtu analamba kidogo na kutema pembeni. Hatapiki kwelikweli. Mwongozaji anachovya tena, anataja lingine, na mtu anatema tena. Inaweza kuchukua muda mrefu, kwa sababu kila jambo lililotajwa kwenye kikao lazima litajwe hapa. Hapo ndipo unapoweza kupima kama kazi inafanywa sawasawa: sikiliza kama yale mliyoyasema wenyewe yanarudi kinywani mwa mzee, au kama anatamka maneno ya jumla ambayo angeyatamka popote.

Baada ya watu, huja boma. Kichala kilekile hutumika kunyunyizia pale nyumba ilipoungua, mlangoni, zizini, na njia inayoingia. Kisha shimo linafukiwa na lile jani la mgomba ndani yake. Jani halichukuliwi, na hakuna anayebaki na chupa ya maji yale.

Hapa nina angalizo ambalo wazee wengine watasahau kulisema. Baba yako ana vidonda vya moto mikononi. Taatha ina vijidudu vingi vya tumboni mwa mnyama, na kidonda cha moto ni mlango ulio wazi. Isipakwe wala isinyunyiziwe mikononi mwake kwa hali yoyote. Mwombe mzee anyunyizie miguuni pake au chini mbele yake, na mikono ifunikwe kwa bandeji safi tangu asubuhi. Kuhusu kulamba, siku hizi wazee wengi huridhika midomo ikiguswa tu na mtu akitema, na kwa mzee mgonjwa au mtoto mdogo nashauri iwe hivyo. Mila haivunjiki, kwa kuwa kitendo chenye uzito ni kutema.

Ndipo inakuja baraka, na hali ya watu hubadilika kabisa. Wazee husimama wakielekea Kirinyaga, mlima ambao wengine wanauita Mlima Kenya, kwa kuwa huko ndiko Ngai anakokaa anaposhuka kuitazama nchi. Nyeri mna bahati, asubuhi ya wazi mnauona. Mikono huinuliwa. Mzee mmoja husema sentensi fupi fupi, na wengine wote, hata watoto, hujibu kwa pamoja: "Thaai, thathaiya Ngai, thaai." Ndani yake kuna amani na kuna kumsihi Mungu. Anaomba wazee wapewe hekima na wasemezane kwa sauti moja, watu wajibu. Anaomba nchi itulie, akina mama wazae, mifugo iongezeke, watu wajibu. Kisha anashuka hadi kwenye boma lenyewe: aliyeungua apone, aliye hospitalini arudi kwa miguu yake, nyumba ijengwe na moto ukae jikoni. Usimsubiri akuelekeze wakati wa kujibu. Ukisikia wenzako, jibu nao kwa sauti, maana kwa mila hii maombi ni ya kundi na mtu mmoja hamsumbui Ngai peke yake.

Maziwa na asali uliyoagizwa ni ya hapa. Asali kwa kawaida huwa imeshafanywa pombe kwa kuchachushwa na matunda ya muratina, kwa hiyo ipelekwe siku kadhaa mapema kwa mtu anayejua kuitengeneza, la sivyo mtabaki na asali mbichi siku ya kazi. Mzee hunywa fundo moja na kulipuliza kifuani mwa kila mtu kama manyunyu, au hutema mate kidogo viganjani mwake na kukushika mikono. Hii ndiyo sehemu inayowatatiza waliokulia mjini. Mate ya mzee ni kitu cha ndani kabisa alichonacho na anakupa bila malipo, kwa hiyo usijifute mbele yake. Mara nyingi pia ngozi ya kondoo hukatwa vipande vyembamba vinavyoitwa ngwaro, na kila mmoja huvaa chake kwenye kifundo cha mkono.

Nyama huchomwa na kuliwa palepale na wote waliohudhuria. Ndugu waliokuwa wamegombana hula pamoja mbele ya macho ya watu, na wazee wanaangalia nani anakula na nani anazungusha nyama mkononi. Mzee mmoja aliwahi kunionyesha kwa macho tu kijana aliyemnyoshea kaka yake kipande bila kumtazama, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hao watarudi. Walirudi.

Sasa upande wa imani yako. Wakikuyu wenyewe wanatofautisha mambo mawili yanayofanana kwa macho. Kumwomba Ngai ni jambo moja. Kuwamwagia mababu pombe ardhini ni jingine, nalo huelekezwa kwa ngoma, yaani roho za waliotangulia. Jina Ngai ndilo lililotumika katika Biblia ya Kikikuyu, kwa hiyo Wakristo wengi hawana shida na maombi yale ya kuelekea mlimani, wakati kumwagia mababu pombe hawakubali. Wengine hawakubali hata kondoo, na makanisa kadhaa ya Kenya yamewakataza waumini kujiunga na mabaraza ya wazee. Uamuzi ni wako. Ninachokushauri ni uwaambie wazee mapema, kabla ya siku, usije ukawakatalia mbele ya watu. Familia nyingi Nyeri na Kiambu huwaomba waache kumwagia mababu pombe na wabaki na kutema, maombi na chakula, na wazee wengi hukubali. Ukiona kulamba ni kugumu kwako, unaweza kukaa na wanaojibu. Aliyeolewa au kukulia mbali halazimishwi kuwa mbele ya shimo, isipokuwa kama kikao kimemtaja.

Kuna mambo yakitokea, simamisha shughuli. La kwanza ni mtu kutajwa kuwa ndiye aliyeleta moto kwa uchawi. Ibada ya thahu haina mshitakiwa. Mbali na kuvunja mila, kumwita mtu mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi ya Kenya ambayo ipo tangu 1925, na nimeona maboma yakigawanyika kwa neno moja la namna hiyo kuliko kwa moto wowote. La pili ni mtu anayekuja na kufukua kitu shambani, akasema ameona pembe au kitambaa kilichozikwa, kisha bei ikapanda. Wazee wa ukoo hawafukui kitu. Wanapewa mnyama, pombe na chakula ambavyo vinaliwa hapo hapo, na zawadi ndogo ya mwongozaji inatajwa kwenye kikao mbele ya wote. La tatu ni kuambiwa kwamba mwanamke lazima atakaswe peke yake na mwanamume, faraghani. Hilo likatae palepale, nawe uite watu. Kwa wajane, sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani inauhesabu utakaso wa namna hiyo kuwa ukatili. Kazi ya kweli hufanywa mchana, uwanjani, watoto wakiwepo.

Limebaki suala la tarehe, na hapa ningependa uzungumze na wazee upesi, kwa sababu naona familia ina haraka. Mdogo wako bado amelazwa. Yeye na baba ndio walioguswa na mikasa hii miwili, na thahu hutemwa kwa kinywa cha aliyeguswa. Ndugu hatemi kwa niaba ya ndugu. Mkifanya wiki hii, mtalazimika kurudia kwa ajili yake, na hiyo ni kondoo wa pili na kikao cha pili. Kikao cha maswali kinaweza kuendelea sasa hivi, na kitawafaa, maana kama kuna itoka iliyong'olewa mahali mtapata muda wa kuirudisha. Ila kondoo asubiri hadi kijana atoke hospitalini na aweze kukaa mbele ya shimo. Baba mikono ikiwa bado haijapona, mtu mwingine amshikie kikombe cha maziwa.